Tangi lisilo na upepo

14 Juni, Bibokoboko

Tumefika jioni kutoka Baraka, na kabla sijaweka mzigo chini nilikuwa nimeshasikia ugonjwa wenyewe. Pampu ya kituo cha afya inawaka, inazima, inawaka tena. Maji ya chemchemi yanateremka yenyewe hadi kwenye hifadhi ya chini. Kutoka hapo pampu ndiyo inayoyapa nguvu ya kupanda hadi wodi ya uzazi, kwa umeme wa jua. Mkunga amenieleza: “Papa, usiku taa zinafifia kila pampu inapoanza, halafu inveta inajizima yenyewe.” Ndivyo inavyokuwa. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaoutumia ikishashika mwendo, na hii inaanza kila baada ya sekunde chache.

Nimefungua bomba moja nikaweka ndoo na kushika saa. Pampu ikizima, bomba linatoa lita moja tu, sekunde sita hivi, kisha pampu inawaka. Inajaza kwa sekunde mbili, inazima. Kwa mwendo huo, bomba likiwa wazi saa nzima, mota inaanza mara 450.

Nilipofunga vali ya kwenda wodini, pampu ilinyamaza na sindano ya presha haikushuka. Kwa hiyo upande huu wa vali hakuna bomba linalovuja, wala maji hayarudi nyuma kupitia pampu. Limebaki tangi la presha.

15 Juni

Asubuhi mlinzi wa kituo alitaka kunionyesha kwamba tangi ni zima: aliweka kipimo cha upepo cha pikipiki kwenye vali ya juu, kikasoma bari 3. Kipimo hakikosei, lakini kinasoma kitu kingine. Ndani ya tangi kuna mfuko wa mpira. Maji yako ndani yake, upepo uko nje yake, na mpira ukiwa laini pande zote mbili zina presha ile ile. Maji yakiwa na bari 3, hata upepo kidogo uliobaki utasoma bari 3. Kujua kiasi cha upepo, lazima kwanza maji yaondolewe presha yote.

Tulizima umeme, tukafunga vali ya kuingilia na ya kutokea, tukafungua bomba la chini. Maji yalitoka kidogo, yakakoma. Kipimo kikawa sifuri. Bado tangi lilikuwa zito, halitikisiki. Nilipobonyeza kipini cha vali, vali ilivuta hewa kwenda ndani, na hapo hapo maji yakaanza kumiminika chini. Hiyo ilinifurahisha sana, maana ilinieleza mambo mawili. Upepo ulikuwa umekwisha karibu wote, na mfuko ulikuwa umejaa maji hadi ukalalia chuma. Pia kwenye vali halikutoka tone la maji, kwa hiyo mpira haujapasuka. Ungepasuka, kujaza upepo kungekuwa kazi bure. Ungebadilishwa mpira, na huo hapa juu haupatikani.

Kabla hatujaondoa presha, povu la sabuni lilikuwa limeonyesha upepo ulikotokea: kipini chenyewe kilivuja, na kofia yake haikuwepo. Kipini ni kile kile cha gurudumu la pikipiki, tukaweka kingine.

Kisha pampu ya baiskeli. Presostati inawasha kwenye bari 2 na kuzima kwenye 3.5. Upepo, maji yakiwa hayana presha, unatakiwa uwe chini kidogo ya pale pa kuwasha: 1.8. Ukizidi 2, maji yataisha tangini kabla pampu haijawaka, na bomba litakatika kwa kitambo. Bomba la chini tuliliacha wazi muda wote, upepo ukazidi kusukuma nje maji yaliyobaki. Tangi ni la lita 100, kwa hiyo ni mipigo mamia. Vijana wa mtaa walipokezana, mikono ikiuma, hadi adhuhuri.

Tukafungua maji. Kwa bomba lile lile, pampu ikizima inakaa kimya dakika tatu na bomba linatoa lita 31. Hesabu inakubali: ndicho kiasi ambacho lita 100 zenye upepo wa 1.8 zinaweza kutoa kati ya 3.5 na 2.

16 Juni

Usiku inveta haikujizima. Lakini nimefungua presostati: vidole vyake vya shaba vimeungua, vimekuwa vyeusi na vina mashimo. Siku moja vitagandana, na hapo pampu haitazima kabisa. Nimemwambia mkunga asikubali visuguliwe kwa msasa. Nitatuma presostati nyingine kutoka Baraka kwa pikipiki ya kwanza inayopanda. Mlinzi nimemwachia kipimo na kofia ya vali. Atapima kila miezi sita, asubuhi, maji yakiwa yamefunguliwa chini.