Milioni Moja na Laki Mbili Tulizozizuia

Juzi bi harusi mmoja alikuja kupima gauni, akatwambia mchumba wake keshamlipa fundi pesa zote na nyumba bado haijapauliwa. Tepu ilitutoka mkononi.

Sisi, mimi na mume wangu, tulijenga Fuoni kwa mkataba wa shilingi milioni 24, vifaa na ufundi. Hatukulipa kwa tarehe, tulilipa kwa hatua: milioni 2.4 za kuanzia, 4.8 msingi ulipokwisha, 6 kuta zilipopita linta, 4.8 nyumba ilipopauliwa, na 4.8 baada ya plasta na sakafu. Kila hatua tuliikagua kwanza, ndipo tukatoa pesa na fundi akatia saini. Muhimu ni kwamba pesa iliyobaki kwako iweze kumaliza kazi iliyobaki, hata kwa fundi mwengine. Wetu aliwahi kuja na "Bi mkubwa, nitangulizie ya paa," na kuta hazijafika hata kwenye madirisha. Tulimpa chai.

Ukijumlisha utaona inakuja 22.8. Ile 1.2, yaani asilimia 5, tuliizuia miezi sita baada ya kupewa funguo. Ndicho kipindi cha matazamio: kasoro ikitokana na kazi ya fundi, anarudi kuitengeneza kwa gharama yake. Tuliandika pia kuwa asipokuja ndani ya siku 14 tangu aambiwe, tutaita fundi mwengine na kumlipa kutoka pesa hiyo. Tulipokea nyumba Januari, kwa hiyo masika yote yaliingia ndani ya mkataba. Kiangazi kila paa ni zuri.

Aprili paa likavuja pahala patatu. Pawili misumari ilipigwa bila mpira, hiyo ya fundi. Pa tatu ni tundu alilotoboa mtu wa dishi tuliyemwita wenyewe, na hapo tulilipa sisi, maana matazamio hayabebi tulichoharibu wenye nyumba.

Nyufa nazo zilikuwa mbili tofauti. Zile nyembamba kama uzi kwenye plasta ni za kukauka tu, rangi inazifunika. Lakini moja ilianzia pembe ya dirisha ikapanda mshazari, na sarafu ikaingia ndani yake. Fundi akataka kuziba kwa saruji. Tukakataa, kwani kuziba kunaficha tu. Alipobandua plasta tukaona linta imekalia ukuta inchi mbili upande ule, wakati ilitakiwa sita au zaidi. Akanung'unika siku nzima, lakini milioni na laki mbili zake zilikuwa kwetu. Akaweka magogo ya kushikilia ukuta, akaivunja linta na kumwaga zege upya.

Julai tukazunguka naye chumba kwa chumba, tukamhesabia pesa yake yote bila ya kukata hata mia.