Mkopo wa Siku Saba na Majina Yaliyomo Simuni

Juma hili kikundi chetu cha akina mama kilitazama video fupi ya tahadhari kuhusu programu za mikopo ya haraka ya simu. Haikumtaja mkopeshaji yeyote wala kumlaumu anayekopa. Ilieleza tu namna mkopo huo unavyokwenda. Sisi tunaojua kuwa karo na kodi ya nyumba havingoji, tulichukua karatasi tukapiga hesabu.

Tuliweka mfano wa mama aliyekopa shilingi 3,000 kwa siku 7. Ada ya 600 imekatwa mwanzoni, hivyo zikamfikia 2,400, na deni likabaki 3,000. Siku ya saba hana kitu. Anaambiwa alipe 600 ili asogezewe muda kwa juma moja. Akifanya hivyo mara tatu, ametoa 1,800 na deni halijapungua hata shilingi. Siku ya 28 akilipa zile 3,000, jumla aliyotoa ni 4,800, maradufu ya alichopokea. Iitwe ada au gharama ya huduma, nyongeza juu ya deni haigeuki kwa kubadilishwa jina. Na kinachoikuza ni ufupi wa muda: kipato cha mwezi hakilipi deni la juma.

Jambo la pili halina hesabu. Programu ikifunguliwa mara ya kwanza, huenda ikaomba ruhusa ya kusoma majina ya simuni na jumbe fupi. Jumbe za M-Pesa humwonyesha mkopeshaji kipato na matumizi ya nyumba. Majina nayo humpa njia ya kumpigia mkwe, jirani au mwalimu wa madrasa siku deni likichelewa. Hapo sitara ya nyumba huvunjika, na hao waliopigiwa hawakuulizwa kamwe.

Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali kutumia majina hayo kuwatumia watu jumbe za deni. Benki hiyo pia hutangaza orodha ya wenye leseni; tulikubaliana kuitazama kabla ya kupakua programu yoyote. Aliyesumbuliwa ahifadhi jumbe na kumbukumbu za simu, kisha apeleke malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Ruhusa iliyokwisha kutolewa huondolewa kwa kufungua Settings, kisha Apps, kuchagua programu hiyo, na kuingia Permissions. Lakini tuelewane: kuiondoa huzuia usomaji wa baadaye tu. Majina yaliyokwisha kunakiliwa hayarudi, na kuifuta programu hakufuti deni. Ndiyo maana wakati wa kusoma masharti ni kabla ya kubonyeza Allow: ni kiasi gani kitakachotufikia, tutarudisha kiasi gani, siku gani, na ni majina ya nani tunayoyatoa.