Kabla hujauza mwongozo wa simu, ujaribu jikoni

Siku hizi muuguzi, mwalimu na hata fundi anashauriwa auandike ujuzi wake na kuuuza kama mwongozo wa kusomwa kwenye simu. Mimi huandika habari za afya, na mwongozo wangu wa kwanza una kurasa nne tu, kuhusu jambo moja: kumhudumia nyumbani mtoto anayeharisha. Mada pana kama "Afya ya Mtoto" haimsaidii mama aliyeamshwa usiku wa manane.

Kabla ya kuuza nilikwenda Chiwanda, mwambao wa Ziwa Nyasa, nikawapa akina mama watatu rasimu. Sikuwauliza kama wameelewa, maana mgeni hujibiwa ndiyo. Niliwaomba watengeneze maji ya ORS, nami nikakaa pembeni nikitazama.

Pakiti inataka lita 1 ya maji. Mama mmoja alikadiria kwa jagi, mwingine akamimina nusu pakiti kwenye kikombe. Maji hayo yakiwa mazito, chumvi inazidi na inaweza kumdhuru mtoto. Yakiwa mepesi, hayamrudishii alichopoteza. Basi ukurasa huo sasa unasema hivi: jaza chupa mbili za nusu lita maji yaliyochemshwa na kupoa, mimina zote kwenye chombo kisafi, tia pakiti nzima, koroga. Yakipita saa 24, mwaga, tengeneza mengine. Chupa hizo zipo karibu kila nyumba; jagi lenye alama za kipimo halipo.

Jambo la pili lilikuwa vidonge vya zinki. Wote watatu walisema wangeacha kumpa mtoto kuhara kukikoma, ilhali dozi huendelea siku 10 hadi 14. Nikaongeza jedwali la visanduku, mama anaweka alama kila siku. Maneno yale yale wangeyasahau; kisanduku kitupu kinawakumbusha.

Halafu mganga aliusoma wote, na kila ukurasa ukawekwa tarehe, kwa sababu nakala zikishatumwa WhatsApp huwezi kuzirudisha. Faili ni dogo, likishapakuliwa linasomeka bila bando.

Nauza kwa shilingi 1,000, ila ukurasa wa dalili za hatari nautoa bure: mtoto akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea, macho yakizama, au kinyesi kikiwa na damu, apelekwe kituo cha afya mara moja. ORS na zinki zinapatikana hata kwenye maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanza kwa majaribio mkoani kwetu Ruvuma mwaka 2003.

Mzazi anayetaka kuandika wa kwake, achague kazi moja, ampe jirani rasimu, kisha anyamaze atazame mikono yake. Pale mikono inaposita ndipo pa kuandika upya.