Kuchora maji ya Mombasa kwa kosaini

Leo hesabu kidogo. Naandika programu ya kuchora maji kujaa na kupwa Mombasa. t ni saa tangu usiku wa manane, h ni mita:

```
h = 1.5*cos(0.5*t - 2) + 1.9
```

Naanza na mstari wa katikati, 1.9. Wimbi hupanda 1.5 juu yake na kushuka 1.5 chini: 3.4 hadi 0.4. Mzunguko ni 2π/0.5, karibu saa 12.6. Bahari yenyewe huchukua kama 12.4, yatosha kwa mchoro.

Mtego ni ile 2 ya mabanoni. Wengi husogeza grafu saa 2 kulia. La! Toa 0.5 nje kwanza: 0.5*(t - 4). Kilele ni t = 4, saa kumi alfajiri. Jaribu t = 2: unapata mita 2.7, maji bado yanapanda.