"Dear" Nani?

Nyumbani Tanzania, barua ya kiofisi ina umbo linalojulikana: Kumb. Na., anwani, "YAH:" kwa herufi kubwa, kisha "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Ukilifuata umbo hilo umeshaonyesha heshima, hata kama humjui atakayeisoma. Hapa Uingereza, heshima katika baruapepe inaonekana pale unapomtambua huyo mmoja unayemwandikia. Vijana wetu wanaokuja kusoma huku hukwama hapo, na inaniuma, maana Kiingereza chao hakina kasoro.

Chukua mwanafunzi anayeomba aongezewe muda wa kuwasilisha insha. Kwenye mada anaandika "RE: REQUEST FOR EXTENSION OF TIME". Katika baruapepe, "Re:" huwekwa na programu yenyewe mtu anapojibu ujumbe, kwa hiyo mhadhiri anaweza kudhani ni mazungumzo ya zamani. Herufi kubwa tupu nazo husomeka kama kelele. Tena simu hukata mada ndefu, basi jambo lenyewe litangulie: "Extension request: HIS201 essay, due 14 March". Hata kabla hajaufungua ujumbe, mhadhiri anajua ni somo gani na siku ya mwisho ni lini.

Salamu ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. "Dear Sir/Madam" kwa mtu anayekufundisha kila wiki inamwambia hukujali hata kutafuta jina lake. Sisi tumezoea kusema Dokta Asha au Mwalimu Juma, lakini huku cheo huandamana na jina la ukoo. Kama anaitwa Helen Brown, andika "Dear Dr Brown", si "Dear Dr Helen", wala "Mrs Brown", inayomvua udaktari wake na kumpa ndoa usiyoijua.

Kuhusu kumalizia, kanuni ya zamani ni "Yours faithfully" kwa "Dear Sir/Madam", na "Yours sincerely" ukitaja jina. Kwenye baruapepe, "Kind regards" inatosha karibu kila mahali.

Sasa subiri jibu, kisha tazama jina aliloliandika mwenyewe mwishoni. Ile sahihi ya chini yenye vyeo vyote hujiweka yenyewe, usiitegemee. Akimalizia "Helen", amekufungulia mlango: ujumbe unaofuata uanze "Dear Helen", na akianza yeye kwa "Hi", nawe waweza kufanya hivyo. Akimalizia "Dr Brown", baki hapo hapo.

Uhuru huo usiubebe ukiandikia ofisi ya nyumbani, tuseme unaomba nakala ya matokeo yako ya chuo. Andika barua kamili yenye "YAH:", anwani ya mkuu husika na sahihi yako, uiskani na kuiambatanisha. Ujumbe wenyewe uwe mistari miwili tu ya kusema barua imeambatanishwa, maana inayochapwa na kuwekwa kwenye faili ni ile barua.