Chozi Linaloezeka Tundu

Anayejenga kwa udongo hujua kwamba tonge la juu halikai hewani. Sharti liwe na tonge jingine chini yake. Printa ya pande tatu ni mjenzi wa aina hiyo hiyo. Huyeyusha uzi wa plastiki, ikaumimina kwa mstari mwembamba, na kurundika tabaka juu ya tabaka hadi kifaa kikamilike. Aghalabu tabaka moja huwa na kimo cha milimita 0.2, nao mstari wenyewe huwa na upana wa takriban milimita 0.45. Katika makala haya nanuia kueleza kwa nini tundu lililolala, yaani tundu linalopita ubavuni mwa kifaa sambamba na meza ya printa, huharibika upande wa juu likichorwa duara kamili, na jinsi umbo la chozi linavyoliokoa bila kutumia plastiki ya kuegemeza hata kidogo.

Jambo hili nililijua kwa ajili ya mwenzangu wa darasa, anayetumia kiti cha magurudumu. Ubao wake wa kuandikia ulikuwa umeshikizwa kwenye mkono wa kiti kwa vishikio viwili vya plastiki, na kati ya vishikio hivyo kulipita ufito wa chuma wenye kipenyo cha milimita 8. Ubao uliinuka na kulala kwa kuuzunguka ufito huo. Kishikio kimoja kilipovunjika, ubao ukawa hautulii, na mitihani ilikuwa imebakiza majuma mawili. Mtu anayeandika insha kwa muda wa saa tatu hawezi kuushika ubao kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine. Karakana moja mjini ilikubali kuchapisha kishikio kipya. Kilipoletwa, mwenzangu alikigeuzageuza, akaujaribu ufito, kisha akasema kwa upole, "Ndugu yangu, hiki ni kizuri kwa macho tu. Chuma hakipiti."

Naam, hakikupita. Kishikio chenyewe kilikuwa bamba la urefu wa milimita 60 lililobebwa na mkono wa kiti, na katikati ya bamba palisimama sikio la unene wa milimita 20 lililotobolewa ili ufito upenye. Tundu lilichorwa duara la kipenyo cha milimita 8.4, ili ufito upate nafasi ya kuzunguka. Upande wa chini wa tundu ulikuwa laini kama ulivyochorwa. Upande wa juu, nyuzi za plastiki zilikuwa zimening'inia kama utando wa buibui, na darini mwake mlikuwa na uvimbe uliouzuia ufito.

Chanzo cha kasoro hiyo kinaweza kupigiwa hesabu. Nusu kipenyo cha tundu ni milimita 4.2. Tukianza kupanda kutoka kitovu cha duara, kuta za tundu huinamiana polepole, na kila tabaka hutokeza kidogo tu kuliko lile lililo chini yake. Tukifika karibu milimita 3 juu ya kitovu, ukuta huwa umeinama kwa digrii 45, na tabaka jipya hutokeza kwa milimita 0.2, sawa na kimo chake. Hapo hakuna hatari, kwa kuwa zaidi ya nusu ya upana wa mstari bado imekaa juu ya mstari wa chini. Lakini kati ya kimo cha milimita 3.8 na 4.0, ukuta huruka ndani kwa takriban milimita 0.5. Mstari wenye upana wa milimita 0.45 ukiambiwa utokeze kwa 0.5, hauna pa kukaa, umemwagwa hewani. Na kutoka 4.0 hadi 4.2, kila upande hubakiza milimita 1.28 za kufunikwa kwa mkupuo mmoja. Plastiki ingali moto, haina egemeo, nayo hufanya lile ambalo kila kitu kizito hufanya: hushuka.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini kishikio kisisimamishwe, ili tundu lielekee juu na duara lake litoke safi. Katika kifaa hiki, sikio liko katikati ya bamba refu. Ukisimamisha bamba, sikio zima litachomoza hewani milimita 20 juu ya meza, na tatizo litakuwa kubwa zaidi. Njia ya pili ni kuiamuru printa ijenge nguzo za muda ndani ya tundu, kama zile mbao ambazo waashi huzipanga chini ya zege. Hata hivyo, mwashi huziondoa mbao zake kwa urahisi, ilhali nguzo iliyojengwa ndani ya tundu jembamba hung'ang'ania darini. Fundi wa karakana alijaribu kulisafisha tundu hilo kwa keekee. Chuma kikakamata uvimbe, sikio likapasuka baina ya tabaka mbili, pale ambapo kifaa cha namna hii huwa dhaifu.

Dawa iliyobaki ni kulibadilisha tundu lenyewe. Dari la duara halijengeki kwa sababu linamalizikia katika ubapa. Basi na liezekwe paa la mgongo. Unaliacha duara lilivyo upande wa chini na ubavuni, hadi pale ukuta unapofikia mwinamo wa digrii 45. Kuanzia hapo unaacha kuufuata mviringo, unachora mistari miwili iliyonyooka inayopanda kwa mwinamo huo huo hadi ikutane juu. Umbo linalopatikana ni la chozi, ncha yake ikielekea juu. Kila tabaka sasa hutokeza kwa milimita 0.2 tu, mpaka kuta mbili zikutane zenyewe. Ufito haupotezi kitu, kwa kuwa robo tatu za duara zimebaki, nazo ndizo zinazoushika.

Umbo hili lina historia. Mwaka wa 2005, Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alianzisha mradi wa RepRap, ambao lengo lake lilikuwa printa inayoweza kujichapishia sehemu zake nyingi za plastiki. Printa za mradi huo, kama Darwin ya mwaka wa 2007 na Mendel ya mwaka wa 2009, zilikuwa na viunzi vya fito za chuma vilivyounganishwa kwa plastiki, na fito hupita katika matundu. Matundu yaliyolala yalichorwa chozi, ili mashine iweze kuchapisha sehemu za mashine mwenzake bila nguzo za kubandua.

Katika programu ya OpenSCAD, ambamo kifaa huchorwa kwa kuandika maagizo, chozi ni duara na mraba mmoja tu. Upande wa mraba hulingana na nusu kipenyo cha duara. Kona yake moja huwekwa kitovuni, kisha mraba huzungushwa digrii 45:

```
module chozi(r, urefu) {
  rotate([90, 0, 0])
    linear_extrude(height = urefu, center = true)
      union() {
        circle(r = r, $fn = 96);
        rotate(45) square(r);
      }
}
```

Agizo la `rotate([90, 0, 0])` ndilo linalolilaza tundu na kuielekeza ncha juu. Jambo hili halina budi kuzingatiwa: ncha inatakiwa iangalie juu wakati wa kuchapisha, wala si wakati wa kutumia kifaa. Mtu akichora chozi kisha akakipindua kifaa mezani mwa printa, ncha itakuwa chini, na dari litakuwa lile lile duara lililomsumbua.

Ncha nayo ina gharama yake. Kimo chake kutoka kitovuni ni nusu kipenyo mara 1.414. Kwa tundu letu hiyo ni milimita 5.94, yaani 1.74 zaidi ya duara. Sikio la kishikio lilikuwa na milimita 7 tu juu ya kitovu; chozi kamili lingeacha ukuta wa milimita 1.06 darini, nao ungevunjika upesi. Kwa hiyo tuliikata ncha kwa mstari mlalo kwenye kimo cha milimita 4.4. Ukuta uliobaki ukawa wa milimita 2.6, na pengo la kuzibwa juu likawa na upana wa milimita 3.08. Huenda msomaji akaona tumerudi palepale. La hasha! Pengo hili lina kingo mbili imara, na printa huvuta uzi kutoka ukingo mmoja hadi wa pili kama kamba ya kuanikia nguo, ukapoa ukiwa umevutwa. Katika duara, mistari ya mwisho ilikuwa imelazwa sambamba na ukingo, bila kushikwa na chochote. Na hata uzi ukilegea kidogo, umelegea juu ya kimo cha ufito, hauugusi.

Hesabu hiyo hiyo huamua sura ya kingo za nje. Bamba la kishikio lilikuwa pana kuliko mkono wa kiti, hivyo ukingo wake wa chini hugusana na nguo na ngozi, na ilifaa uondolewe ukali. Mchoro wa kwanza ulikuwa umeuviringa kwa nusu kipenyo cha milimita 3. Mviringo wa namna hiyo huanza ukiwa karibu sambamba na meza: katika milimita 0.2 za mwanzo pekee hutoka nje kwa milimita 1.08. Ndiyo maana ukingo ule ulitoka na nyuzi zinazokwaruza. Tuliuondoa mviringo, tukaukata ukingo mshazari kwa digrii 45, na kila tabaka likatokeza kwa milimita 0.2 kama katika chozi. Kingo za juu zinaweza kubaki za mviringo, kwa kuwa huko kila tabaka huingia ndani, halitokezi nje.

Kishikio cha pili kilichapishwa bila nguzo, na ufito ukapenya kwa kusukumwa kwa kidole. Mwenzangu aliufunga ubao wake siku nne kabla ya karatasi ya kwanza.

Njia hii ina mipaka yake. Tundu dogo la skrubu ya milimita 3 kwa kawaida halihitaji chozi, kwa kuwa dari lake ni jembamba na hulegea kidogo tu. Tundu linalotakiwa kubana kitu pande zote, kwa mfano beringi inayokazwa kwa nguvu, halifai kuwa chozi, maana robo ya juu haishiki. Afadhali kifaa kigawanywe vipande viwili. Na printa yenye feni dhaifu huenda isiumudu mwinamo wa digrii 45 kikamilifu. Dalili yake huonekana kwenye kuta mbili za paa: zikiwa zimekunjamana au kujikunja juu, plastiki haikupoa vya kutosha kabla ya tabaka lililofuata. Hapo hupunguzwa kasi na joto, wala si pembe ya chozi.