Mpe Mteja Tarehe, Usimpe Lawama

Hapa Industrial Area, kazi ya tisheti mara nyingi inakwama ikingoja mteja aseme "sawa" kwa sampuli. Sasa ukimwandikia "ulichelewa kujibu", anakasirika, na tisheti bado haziko.

Chukua tisheti 300 za rangi mbili. Fremu siku moja, kuchapa mbili, kukausha na kupakia moja. "Sawa" ikikuja Jumanne jioni, zinatoka Jumamosi. Lakini ikikuja Ijumaa jioni? Mimi huandika hivi:

"Habari ya jioni madamu. Asante, sampuli imepita leo. Kutoka hapo kazi ni siku 4, na Jumapili tunafunga, kwa hivyo zote zitakuwa tayari Jumatano jioni, sio kesho. Kama unazihitaji mapema, 100 za kwanza nitakuletea Jumanne asubuhi. Tufanye hivyo?"

Umeona? Hakuna "ulichelewa". Siku zinajihesabu zenyewe, na ana kitu cha kuchagua.

Ila usingoje Ijumaa. Jumatano asubuhi kukiwa kimya, mwambie kila siku ya kungoja inasukuma tarehe mbele. Ukisema baadaye, itasikika kama kisingizio.